Asidi ikikumwagikia, usiiwekee besi

"Tulifundishwa asidi ikikumwagikia mkononi wakati wa praktiko unapaka besi ziuane, ni kweli?"

Hapana, wahi bombani. Kuuana zinauana kweli ila zikikutana zinatoa joto, na hilo joto linatokea juu ya ngozi ambayo tayari inaungua, halafu besi kama kostiki soda yenyewe inakula ngozi na ukizidisha hutajua. Vua nguo iliyolowa, acha maji yatiririke dakika 20 hivi, usiache mapema eti haiwashi tena. Jichoni ni maji hayohayo, kope umezishikilia wazi, kisha hospitali haraka. Magadi soda ni ya ile asidi iliyobaki mezani, nyunyiza kidogo kidogo mpaka povu likome ndo ufute.