Tani mia nne kwa milioni moja? Dhana potofu kuhusu elfu, laki na milioni kwenye hesabu za korosho

Kila msimu wa korosho ukifungwa, katibu wa chama cha msingi, awe Tandahimba, Masasi au Nachingwea, hujikuta na kazi moja: taarifa ya mkaguzi iliyojaa tarakimu inatakiwa iandikwe upya kwa lugha ambayo wanachama wataielewa mkutanoni. Hapo ndipo shilingi bilioni hugeuka milioni, na hakuna aliyeiba. Zifuatazo ni dhana zinazosababisha hivyo. Namba nilizotumia ni za mfano tu.

Dhana: Namba iliyoandikwa kwenye jedwali ndiyo kiasi chenyewe.

Siyo lazima. Tazama juu ya safu, chini kidogo ya kichwa cha jedwali. Ukikuta Sh. '000 au maneno "kwa maelfu ya shilingi", mhasibu amekata sifuri tatu za mwisho ili namba zienee kwenye karatasi. Kila kiasi cha fedha kilichopo chini yake kinahesabiwa kwa elfu, siyo kwa shilingi.

Tuseme taarifa inasema mauzo ya korosho ni 1,287,000, makato 99,000, malipo ya wakulima 1,188,000. Katibu mwenye haraka anaandika: "Chama kiliuza korosho za shilingi milioni moja, laki mbili na elfu themanini na saba." Sentensi imenyooka, lakini hesabu imepotea. Kiasi halisi ni 1,287,000,000, yaani bilioni moja na milioni mia mbili themanini na saba.

Utajuaje umekosea kabla mjumbe hajasimama kuuliza? Gawanya kwa kilo. Chama hicho kilikusanya kilo 412,500. Ukichukua 1,287,000 ukagawa kwa kilo hizo unapata shilingi 3 na senti 12 kwa kilo, bei ambayo hata mnunuzi wa kangomba angeona aibu kuitaja. Ukirudisha sifuri tatu unapata 3,120, na hiyo inafanana na bei za mnadani. Makato nayo yapimwe hivyohivyo: 99,000,000 kwa kilo 412,500 ni shilingi 240 kwa kilo, na mjengeko wa bei uliobandikwa ubaoni utakuambia kama ndiyo yenyewe.

Angalia zaidi zile namba ndogo, maana hazishtui. Mauzo ya milioni moja kwa tani mia nne yatazua kelele ukumbini. Lakini "makato, shilingi elfu tisini na tisa" yatapita kimya kimya, kwa sababu hakuna mkulima anayelalamika akisikia makato madogo. Na mstari unaosomeka "posho za wajumbe 850" unaweza kusomwa shilingi mia nane hamsini, watu wakacheka na kuendelea na ajenda, kumbe ni laki nane na elfu hamsini.

Dhana: Basi ukiona '000, ongeza sifuri tatu kwenye kila namba ya ukurasa.

Kichwa hicho kinahusu fedha zilizojumlishwa tu. Kilo hazikukatwa, bei ya kilo moja haikukatwa, idadi ya wanachama haikukatwa. Ukiziongezea sifuri zote, chama kimoja cha kijiji kitakuwa kimeuza tani laki nne na ushee, kwa shilingi milioni tatu kila kilo.

Kosa la pili, ambalo mimi naliona baya zaidi kwa sababu linatokea kwa mtu makini, ni kurudisha sifuri kisha kukiacha kichwa cha zamani palepale. Sasa jedwali linasema 1,287,000,000 chini ya Sh. '000. Atakayelisoma baadaye, akiwa mtu makini vilevile, ataongeza sifuri nyingine tatu na kupata trilioni. Ukirudisha sifuri, futa kichwa, andika "Sh." peke yake. Na kama kichwa ni "Sh. milioni", mauzo yaleyale yangeandikwa 1,287, na sifuri za kurudisha ni sita.

Dhana: Ukirudisha sifuri umepata kiasi kamili.

Umepata kiasi kilichokaribia. Mhasibu alipokata elfu alikadiria. Malipo ya 1,843,200 yaliandikwa 1,843, nawe ukiyarudisha unapata 1,843,000. Ile mia mbili haimo tena kwenye karatasi. Kwa hiyo usiandike "kamili" wala "kasoro senti hakuna", andika "takriban". Ndiyo sababu pia jumla ya safu wakati mwingine hupishana kwa 1 ukiijumlisha mwenyewe. Huo siyo upotevu. Ukitaka shilingi ya mwisho, fungua leja.

Dhana: Laki ni neno la sokoni, kwenye taarifa uandike "elfu mia".

Laki ni Kiswahili safi, na kwenye maandishi inakuokoa. Jaribu kuandika "elfu mia moja na ishirini". Mmoja atasoma 120,000, mwingine 100,020, na wote wana haki. "Laki moja na elfu ishirini" haina njia mbili.

Tatizo la laki liko kwenye mdomo, siyo kwenye neno. Mtwara yote mtu akisema "laki moja na ishirini" anaeleweka kwamba ni 120,000, na "milioni moja na mbili" ni 1,200,000. Mazungumzo yanaruka elfu na laki kwa sababu wote wawili wanajua wanazungumzia nini. Msomaji wa taarifa hajui, kwa hiyo kila kipande kipewe jina lake: milioni moja na laki mbili.

Kwenye fedha utata huu mara nyingi hujitatua wenyewe, kwani nani atalipwa elfu ishirini na shilingi tano? Kwenye kilo haujitatui. "Kilo elfu ishirini na tano" ni 25,000 au 20,005, na mzani wa ghalani unaweza kutoa zote mbili. Hapo andika tarakimu kwanza, kisha maneno: kilo 20,005 (elfu ishirini, na kilo tano). Alama ya mkato na neno "kilo" likirudiwa vinatosha.

Dhana: Milioni 2.4 ni milioni mbili na elfu nne.

Ni milioni mbili na laki nne. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni laki, ya pili ni makumi ya elfu, ya tatu ni elfu. Kwa hiyo milioni 2.04 ni milioni mbili na elfu arobaini, na milioni 2.004 ndiyo milioni mbili na elfu nne. Kwa bilioni ngazi zinapanda: 1.287 ni bilioni moja na milioni 287, siyo laki. Wenye shaka waandike namba yote kwa sifuri zake, wahesabu kutoka kulia tatu tatu, ndipo waitaje.

Kwenye hundi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu maneno na tarakimu vikitofautiana, sheria inashika maneno. Mkulima wa 1,843,200 aandikiwe milioni moja, laki nane, elfu arobaini na tatu, na mia mbili. Katibu akiruka "laki" akaandika "milioni moja nane arobaini na tatu", karani wa benki atairudisha hundi, na mkulima atapanda bodaboda mara ya pili kwa nauli yake mwenyewe.