Nyumba Gofu Ndani ya Ukungu: Namna ya Kujenga Hofu kwenye Menyu ya Gemu

Vijana wanaotuletea kazi za gemu za kutisha hukosea zaidi kwenye menyu, ile skrini ya kwanza yenye "Anza" na "Mipangilio". Wengi humwaga damu ukutani au humtoa dirishani popobawa, yule jini wa visiwani. Popobawa amewatia watu wa Pemba kiwewe cha kweli, hasa mwaka 1995, lakini nguvu yake ilikuwa katika kutoonekana. Ukishamchora, mchezaji anamtazama, anampima, na hofu inaisha.

Tuchukue kazi moja: nyumba kongwe ya mawe na chokaa huko Pemba, imetelekezwa chini ya kilima cha mikarafuu, alfajiri, ukungu umelala bondeni. Gofu la namna hii lina ushahidi wake. Paa likishavuja, mvua huingia kichwani mwa ukuta, lipu ya chokaa inavimba na kumwagika vipande vipande, boriti za mikoko zinaoza kwenye ncha zilizozama ukutani, halafu dari inashuka. Kwa hiyo chora uchakavu kuanzia juu kuja chini. Ukipaka uchafu sawasawa nyumba nzima, jicho la mtu wa huku litajua mara moja kuwa ni rangi tu.

Sasa ukungu. Kwenye Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, ukungu wa kawaida hufuata hesabu hii, ambapo `d` ni umbali kwa mita na `fog_density` ni uzito wa ukungu:

```
kinachoonekana = exp(-fog_density * d)
```

Tuseme kamera ipo barabarani, mnazi mkavu upo mita 6, baraza mita 18, ukuta wa nyuma mita 30. Ukiacha `fog_density` kwenye 0.01 iliyokuja nayo, baraza inabaki na asilimia 84 ya rangi yake: hiyo ni picha ya watalii. Ukiweka 0.3, haifiki hata asilimia moja, nyumba imepotea. Kwa 0.08 mnazi unabaki na asilimia 62, baraza 24, ukuta wa nyuma 9. Hapo mtu anaona kuwa kuna nyumba, lakini hawezi kuapa kama kile cheusi barazani ni nguzo au ni mtu aliyekaa. Anza na kitu unachotaka kisionekane vizuri, pima umbali wake, ndipo uchague namba.

Kosa la kawaida hapa ni rangi. Ukungu ukiwa wa kijivu na anga nyuma yake ni la buluu, paa linakuwa kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Linganisha `fog_light_color` na rangi ya anga pale linapogusa ardhi. Gemu ikiwa ya simu, achana na ukungu wa ujazo, maana kwenye Godot unafanya kazi kwa Forward+ peke yake, njia ya uchoraji iliyolengwa kompyuta. Huu wa kawaida unatosha, na ukiweka `fog_height_density` juu ya sifuri, utakuwa mzito zaidi chini ya kimo ulichokiweka kwenye `fog_height`.

Kitu kimoja tu kiwe si cha kawaida. Mimi ningechagua mlango: mbao mbili za kuchonga, vumbi limejaa kwenye nakshi, mnyororo na kufuli vimefungwa kwa nje, kutu tupu. Na ghorofani, nyuma ya dirisha la mbao, mwanga hafifu wa kibatari. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Aliyefunga alikuwa nje, na aliyewasha yuko ndani. Ukiongeza kaburi, paka mweusi na kiti kinachojisukuma, umeigeuza hofu kuwa mapambo.

Mtu anaweza kukaa kwenye menyu dakika kadhaa, hivyo mwendo unaojirudia utakuumbua. Ukungu, kibatari na tone la maji vyote vikirudia kila sekunde 10, jicho linashika mzunguko haraka. Upe ukungu sekunde 17, kibatari 11, tone 7. Vitatu hivyo havianzi tena pamoja mpaka sekunde 1,309 zipite, karibu dakika 22. Sauti nayo iwe chache: nyenje wanalia, kisha wananyamaza wote kwa sekunde chache, bila kitu chochote kutokea. Usiweke kishindo baada ya ukimya huo, kwa sababu mchezaji anakisubiri, na kumsubirisha ndiyo kazi yenyewe.

Maandishi yakae upande ambao ukungu hautembei, la sivyo herufi nyeupe zitapotea kila wingu jeupe linapopita. Kipimo kinachotumika kwenye tovuti, uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 kati ya herufi na kilicho nyuma yake, kinafaa hapa pia. Upime pale ukungu unapokuwa mweupe kabisa, na uijaribu kwenye simu ya bei nafuu saa saba mchana ukiwa nje. Kibatari kisipoonekana hapo, kiongezee mwanga, usipunguze ukungu.