Kuhakiki oda siyo kujibu "sawa bosi"

Hapa Dodoma watu wanajenga kila kona, Nzuguni, Iyumbu, Mtumba, na oda nyingi za mabati siku hizi zinaingia kwa simu. Sasa kila mara namsikia kijana wa kaunta anasema "oda nimeshaihakiki", ukicheki meseji unakuta mteja kaandika, yeye kajibu "sawa bosi, tunaandaa". Hapo kaipokea tu. Kuhakiki ni kupata uhakika kwamba wewe na mteja mnaongelea kitu kilekile kabla mzigo haujaguswa.

Chukua oda kama hii: "Naomba bati 30 za msauzi, geji 28, za 8, nyekundu." Inaonekana imekamilika kabisa, ila hiyo 8 ni nini? Fundi mwingine anapima kwa futi, mwingine kwa mita, na msauzi inakatwa kwa urefu wowote mteja anaotaka kwahiyo zote mbili zinawezekana. Futi 8 ni mita 2.44, bati 30 zinakuwa mita 73 hivi. Zikiwa mita 8 ni mita 240, zaidi ya mara tatu ya hela. Na ukishakata umekata. Aliyetaka ndefu ukimpelekea fupi itabidi aziunge kwa kupandanisha, bati zinaliwa na kila kiungo kinaweza kuja kuvuja, na yeye hilo paa hakulipanga hivyo.

Kinachoniudhi zaidi ni lile swali la "ni sawa eeh?" Mteja yuko saiti, simu begani, atajibu ndiyo kwa chochote kile. Muulize swali ambalo ndiyo haiwezi kulijibu: "Mama, 8 ni futi au mita? Kwa futi jumla ni mita 73, kwa mita ni 240, tukate ipi?" na bei ya kila moja uiweke hapohapo, maana wengi wanashtukia kosa kwenye hela kabla ya kwenye vipimo. Akijibu "ndiyo" tu jua hajasoma, mpigie.

Rangi nayo hivyohivyo. Kuna anayesema nyekundu akimaanisha damu ya mzee, na picha ya simu usiitegemee, jua na kioo cha simu vinabadilisha rangi. Mpe namba ya rangi kwenye katalogi, au kama anaweza kufika aone kipande chenyewe. Geji uliza pale tu anapojipinga, mfano anataka "nene, geji 30" wakati 28 ndiyo nene kuliko 30. Misumari ya kawaida wala usimsumbue sana, hiyo inabadilishika hata kesho.

Kwahiyo mdogo wangu, ukijibu "sawa bosi" andika oda imepokelewa. Mteja mwenyewe akishakutamkia futi au mita na namba ya rangi, hapo ndiyo uandike imehakikiwa na uipeleke kwenye mashine.