Taa Moja ya Njia kwa Kaya Ishirini: Sensa Iwashe, Taima Ipunguze Saa

Hotuba hii imeandaliwa na mafundi umeme isomwe kwenye mkutano wa kijiji unaojadili taa ya pamoja. Saa, wati na idadi ya kaya zilizomo ni za mfano. Kila kijiji kiweke za kwake.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana na wote mliofika, shikamooni.

Tunaleta ombi moja: tuweke taa moja ya LED ya wati 30 kwenye nguzo pale njia panda, na isiwepo swichi ya mtu kuwasha na kuzima. Taa ya pamoja yenye swichi huishia kuwa mzigo wa mtu mmoja. Akisafiri, njia inakaa gizani. Akisahau, taa inawaka mchana kutwa na bili inakuja kwa wote. Kwa hiyo kazi ya swichi tunaigawa kwa vifaa viwili. Sensa ya mwanga itatambua giza limeingia, na taima itajua ni saa ngapi.

Mtu atauliza kwa nini viwili. Taima peke yake haijui jua. Hata karibu na ikweta, saa ya jua kuzama husogea kwa takriban nusu saa ndani ya mwaka, na kadiri mahali palivyo mbali na ikweta tofauti huzidi. Ukiiambia taima iwashe saa 12:30 jioni, miezi mingine itachelewa na mingine itawasha jua likiwa bado juu. Siku ya mawingu mazito ndiyo haitajua kabisa. Sensa nayo inajua giza tu. Ikiachwa peke yake itawasha taa magharibi na kuizima kukicha, takriban saa 12 mfululizo, hata zile saa za usiku wa manane ambazo njia haina mtu.

Tufanye hesabu. Wati 30 kwa saa 12 ni wati-saa 360, yaani uniti 0.36 kwa usiku mmoja na uniti 10.8 kwa siku 30. Sasa tuseme taima inaikata taa saa 5 usiku na kuiruhusu tena saa 10:30 alfajiri, wakati wa watu kwenda kisimani na kituo cha basi. Taa itawaka kama saa nne na nusu jioni na saa mbili alfajiri, jumla saa 6.5. Hiyo ni uniti 5.85 kwa mwezi. Taima na sensa navyo hula kidogo. Tukivihesabia wati 2 mchana na usiku, ni uniti 1.44 zaidi. Jumla ni kama uniti 7.3, na kwa kaya 20 kila kaya inabeba chini ya nusu uniti kwa mwezi. Kila mmoja azidishe kwa bei ya uniti anayolipa.

Sasa namna ya kuviunganisha, maana hapa ndipo kazi nyingi za aina hii huharibika. Waya wa moto utoke kwenye sakiti breka uingie kwenye taima, utoke kwenye taima uingie kwenye sensa, kisha kutoka kwenye sensa uende kwenye taa. Hivyo taa itawaka pale tu vyote viwili vikikubali: taima iseme saa inaruhusu, sensa iseme kuna giza. Ni kama ghala lenye kufuli mbili na watunza funguo wawili.

Mpangilio huo usigeuzwe. Fundi akitanguliza sensa na kuifanya ndiyo inayoilisha taima, taima itapata umeme usiku tu. Kukicha sensa inakata na saa ya taima inasimama. Jioni inaanza tena pale iliposimama, kwa hiyo kila siku inachelewa takriban saa 12. Mtaiona taa ikifuata ratiba leo, kesho ikifanya vitu vingine kabisa, na mtadhani taima ni mbovu kumbe ni nzima. Saa ya taima ipate umeme wa kudumu moja kwa moja kutoka kwenye breka. Mguso wake wa kukata na kuunga ndio pekee unaokwenda kwenye sensa.

Sensa nyingi za nje zina waya tatu: mmoja wa moto unaoingia, mmoja wa nyutro, na mmoja wa kwenda kwenye taa. Mara nyingi mweusi ndio wa kuingia, mweupe nyutro na mwekundu wa taa, lakini fundi asome lebo ya kifaa chenyewe, asibahatishe kwa rangi. Kinachokatwa kiwe waya wa moto, si nyutro. Mkikuta taa ya LED imezimwa lakini usiku inabaki na mwanga hafifu, mojawapo ya sababu ni kwamba aliyefunga amekata nyutro. Hapo taa ina umeme ndani hata ikiwa imezimwa, na atakayepanda kuisafisha yuko hatarini.

Kupanga taima kuna mtego wake. Taima ya kuzunguka ina vipini vidogo 96 pembeni, kila kimoja dakika 15, na namba zake zinaanzia usiku wa manane. Saa 5 usiku yetu kwenye taima ni 23:00. Saa 10:30 alfajiri ni 04:30. Anayebonyeza 5 akidhani ni saa 5 usiku, amepanga saa 11 alfajiri. Kwa hiyo saa ziandikwe kwa namna zote mbili kwenye karatasi na ibandikwe ndani ya mlango wa boksi.

Jioni taima isipangwe kufungua magharibi hasa. Ifungue mapema, 16:00, yaani saa 10 jioni, ifunge 23:00. Alfajiri ifungue 04:30 na kufunga 08:00. Sensa ndiyo itakayochagua dakika yenyewe ndani ya nafasi hizo, na mawingu ya jioni yakileta giza mapema taa itawaka. Jumla ni vipini 42 vya kubonyeza: 28 vya jioni na 14 vya alfajiri.

Umeme unaokatika ni adui wa taima isiyo na betri. Ukikatika kwa saa tatu, saa yake inabaki nyuma kwa saa tatu. Taa iliyopangwa kuzima saa 5 usiku itazima saa 8 usiku, na ile ya alfajiri itaruhusiwa saa 1:30 asubuhi, jua limeshatoka na sensa imekataa. Dalili mtakayoiona ni hiyo: alfajiri giza, usiku wa manane taa inawaka. Tunashauri inunuliwe taima yenye betri ya akiba. Mwenye ufunguo wa boksi ailinganishe na saa ya simu kila mwisho wa mwezi anaposoma mita.

Kuhusu sensa, jambo la kwanza ni isiione taa yake yenyewe. Ikiwekwa chini ya taa, giza linaingia, taa inawaka, sensa inaona mwanga na kudhani kumekucha, inazima, kisha giza tena. Taa itakuwa inawaka na kuzima usiku kucha, na mguso wa ndani utaungua mapema. Iwekwe juu ya taa au upande wa pili wa nguzo, jicho lake likielekea anga wazi, mbali na majani na ukuta mweupe unaorudisha mwanga. Isielekezwe moja kwa moja machweo, maana jua la mwisho litaichelewesha. Vumbi likiganda kwenye jicho, taa itaanza kuwaka mapema na kuchelewa kuzima. Kitambaa chenye maji kinatosha, breka ikiwa imezimwa kwanza.

Sensa nyingi zikifa huacha taa ikiwaka, na zimetengenezwa hivyo kusudi ili njia isibaki gizani. Mpangilio wetu unafanya ugonjwa huo uonekane kirahisi. Pita njia panda saa 10 jioni jua likiwa kali. Taa ikiwaka sekunde chache kisha ikazima, ni kawaida, sensa inapata umeme na kujipima. Ikibaki inawaka na jicho ni safi, sensa imekufa, inunuliwe nyingine. Kama mchana taa inazima vizuri lakini usiku bado inawaka saa 6, wakati taima imeshafunga na saa yake ni sahihi, basi miguso ya taima imegandana. Hilo huja zaidi pale watu wanapoongeza taa nyingi kwenye taima moja. Taa za LED huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo sana zinapowashwa, hata kama wati zake ni chache. Tukitaka kuongeza taa siku za mbele, tuweke kontakta, yaani swichi nzito inayoendeshwa kwa umeme, ibebe mzigo, na taima iamrishe kontakta tu.

Nguzo ya mita 6 ifukiwe mita 1.2, taa ikae karibu mita 4.8 juu. Mwanga mzuri utafika takriban mita 7 hadi 9 kila upande, kwa hiyo asitarajie mtu kwamba taa moja itafika kisimani. Nguzo iwe yetu. Tusifunge kitu kwenye nguzo za mgavi wa umeme bila kibali chake. Boksi lifunge vizuri mvua isiingie, ndani kuwe na breka ya ampea 6 na kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampea 30, na nguzo ya chuma iunganishwe na waya wa ethi. Kazi hii aifanye fundi mwenye leseni.

Umeme tutauchukua kwenye mita ya nani? Kama mgavi anaruhusu, tunapendekeza uchukuliwe kwenye nyumba iliyo karibu kupitia mita ndogo ya pembeni, isomwe mbele ya watu wawili kila mwisho wa mwezi, ili mwenye nyumba asidaiwe kisicho chake wala asishukiwe. Mita hiyo itasaidia pia kugundua hitilafu: mwezi ukifika uniti 12 badala ya 7, kuna kifaa kimeharibika au kuna mtu amejiunganishia.

Ndugu mwenyekiti, tunaomba wananchi waamue mambo matatu. Kwanza, mita iwe nyumba gani. Pili, nani wawili washike ufunguo wa boksi. Tatu, saa za giza. Wapo watakaosema taa ikizimwa saa 5 usiku wezi ndipo watakapopita, na hoja hiyo ina uzito. Taa ikiwaka usiku kucha, matumizi yanapanda kutoka uniti 7.3 hadi takriban 12.2 kwa mwezi, pamoja na vifaa. Ukigawa kwa kaya 20, ni nyongeza ya kama robo uniti kwa kila kaya. Taima haitabadilishwa wala waya kuguswa, vitabonyezwa vipini 22 vilivyobaki kati ya 23:00 na 04:30.