Sungura au kuku: mafuta yako wapi, na kwa nini nyama ya sungura inakauka

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Moshi, nafuga sungura nyumbani. Baba watoto alipimwa akaambiwa lehemu iko juu, apunguze mafuta. Ni kweli sungura ana mafuta kidogo kuliko kuku, au ni maneno ya wauzaji?

Inategemea ni kuku gani, mama. Ukichukua gramu 100 za nyama mbichi ya sungura wa kufugwa, wastani wa mwili mzima, utakuta mafuta kama gramu 6. Kuku mzima na ngozi yake ana kama gramu 15. Hapo sungura ameshinda. Lakini mvue kuku ngozi, ubaki na kidari peke yake, mafuta yanashuka hadi gramu 3 hivi, na paja lisilo na ngozi lina kama gramu 4. Hapo sungura hana la kujivunia. Protini wanakaribiana, gramu 20 au zaidi kidogo.

Tofauti kubwa ni ngozi. Sungura huchunwa, na ngozi yake haifiki jikoni. Kuku hunyonyolewa tu, na mafuta yake mengi yamelala chini ya ngozi tunayoigombania mezani. Kwa sungura, mafuta mengi yamekaa mafungu mafungu: kuzunguka figo na kati ya mabega. Ukimpasua utayaona, meupe, na yanabanduka kwa kidole. Ukiyatoa kabla ya kupika, nyama inayobaki ni kavu kwelikweli, hasa ile minofu miwili mirefu ya mgongoni. Sungura anayelishwa pumba na chakula cha dukani kwa wingi huwa na mafungu makubwa kuliko anayekula majani.

Kwa hiyo mzee akipenda kuku, aendelee na kuku bila ngozi. Mimi simwambii mtu aache kuku kwa ajili ya sungura. Ila ninyi mnao bandani, ni nyama nzuri kwake, mradi msiidumbukize kwenye mafuta ya kukaangia.

Swali: Watoto wanasema ni kama kuku aliyesahauliwa viungo. Kwa nini ladha yake imepoa hivyo?

Kwa sababu ya yale yale mafuta. Harufu nyingi inayotufanya tumtambue kuku, au mbuzi, imo kwenye mafuta yake. Sungura mchanga ana ladha ya upole, yenye utamu kwa mbali, karibu na paja la kuku kuliko kidari. Akizeeka, nyama inakolea na inakaza. Sungura wa porini ni habari nyingine kabisa, nyama yake ni nyekundu na ina harufu nzito.

Nyama ya namna hii inabeba vizuri unachoiwekea. Tangawizi, kitunguu saumu, nyanya iliyoiva sana, pilipili hoho, limao kidogo mwishoni. Usimrundikie binzari na unga wa viungo vyote vilivyo kabatini, utakula viungo, si sungura.

Swali: Nikimpika mapaja yanakuwa magumu, na mgongo unakuwa kama kuni. Nikiongeza moto ndiyo kabisa. Nakosea wapi?

Unapika nyama mbili tofauti kwa muda mmoja. Mgongo haufanyi kazi kubwa, nyuzi zake ni laini na hauna mafuta ya kuulinda. Ukipita nyuzijoto 65 hivi, protini zinajikunja na kukamua maji, na maji hayo hayarudi hata ukiujaza mchuzi. Mapaja na miguu ya mbele yana nyuzi ngumu za kolajeni, ambazo zinahitaji joto la unyevu kwa muda mrefu ndipo ziyeyuke na kuwa ute laini. Kwa hiyo muda unaoliokoa paja ndio unaouharibu mgongo.

Tuchukue sungura wa kilo 2.5 akiwa hai. Akishachinjwa na kuchunwa atakupa kama kilo 1.3. Ukiwa na friji, mweke humo usiku mzima kabla ya kupika. Akipikwa wakati mwili umekakamaa, saa chache baada ya kuchinjwa, atakuwa mgumu. Mkate mapaja mawili, miguu miwili ya mbele, mbavu, na mgongo vipande viwili au vitatu. Chukua kisu chenye ncha, uondoe ule utando mweupe unaong'aa juu ya mgongo, maana unajikunja motoni na kuminya nyama.

Weka vijiko 2 vya chakula vya mafuta kwenye sufuria. Mkiwa watu sita, kila mmoja atapata chini ya gramu 5 za mafuta hayo. Pitisha vipande vyote, mgongo dakika moja tu kila upande, kisha utoe mgongo uuweke pembeni ukiwa umefunikwa. Kaanga kitunguu, tangawizi na nyanya, rudisha mapaja, miguu na mbavu, weka maji yafike nusu ya nyama, funika, punguza mkaa. Mchuzi utokote taratibu, kibubujiko hapa na pale.

Kwenye dakika ya 40 paja litakuwa gumu kuliko lilivyoanza, na hapo ndipo wengi mnapokata tamaa na kuongeza moto. Usiongeze. Sungura mchanga atahitaji saa moja hadi saa moja na nusu, mzee hata saa mbili. Paja likiwa tayari, uma unaingia bila kusukumwa na nyama inaachia mfupa kwenye kiungo. Hapo ndipo urudishe mgongo kwa dakika 15 hivi. Ukiukata katikati uwe mweupe mpaka ndani na maji yanayotoka yawe meupe. Wenye kipimajoto wafikishe nyuzijoto 71. Asiliwe akiwa na wekundu ndani.

Wa Arusha mjini waongeze muda kidogo, kwa kuwa kwenye mwinuko wa mita 1,400 maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 95 tu.

Swali: Jirani ananiambia nimloweke kwenye maji ya chumvi kwanza. Inasaidia?

Inasaidia, hasa mgongo. Gramu 50 za chumvi kwa lita moja ya maji, saa 3 au 4 kwenye friji, na nyama inashika maji vizuri zaidi. Lakini mzee akiwa na presha pia, achana na hiyo chumvi. Tumia mtindi, nusu lita kwa sungura mmoja, usiku mmoja. Asidi yake inalainisha sehemu ya juu. Usizidishe siku moja, nyama itakuwa laini kama uji kwa nje na ngumu ndani.

Swali: Na wa kuchoma je? Vijana hawataki mchuzi.

Wape mapaja, lakini yachemshwe kwanza mpaka yalainike, ndipo yapite kwenye mkaa kwa dakika chache yapate rangi. Mgongo uchomwe mbichi, pembeni ya mkaa, si juu ya ule mwekundu, huku ukipakwa mtindi au mafuta kidogo kila unapogeuzwa. Ukiiva utoe papo hapo. Kinachobaki kihifadhiwe ndani ya mchuzi, na kesho kipashwe humo humo mpaka kifuke moshi, maana kipande kilicholala kikavu kwenye sahani hakilainiki tena.