Presha kurejea kwa kishindo baada ya kuacha klonidini ghafla

Mtu akiacha amlodipini, mojawapo ya dawa za presha, presha yake hupanda polepole kwa siku kadhaa hadi ilipokuwa kabla ya kuanza dawa. Hilo ni tatizo, lakini ni ugonjwa uleule wa zamani umerudi. Akiacha klonidini, ambayo nayo ni dawa ya presha, ghafla, mambo huwa mengine: presha inaweza kupanda ndani ya siku moja au mbili, ikapita hata kiwango alichokuwa nacho kabla ya kutibiwa, tena ikaja na jasho, mikono kutetemeka, kichwa kupasuka na wasiwasi asiojua umetoka wapi. Hali hii ya pili ndiyo tunayoiita kurejea kwa kishindo. Hapa ugonjwa wa zamani si maelezo ya kutosha, kwa sababu mwili wenyewe unaitikia kuondolewa kwa dawa.

Sababu iko mahali dawa inapofanyia kazi. Dawa nyingi za presha hufanya kazi kwenye mishipa, figo au moyo. Klonidini hufanya kazi kwenye shina la ubongo, pale panapotoka amri ya kubana mishipa na kuharakisha moyo. Hushika vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali, viitwavyo alfa-2, na vikishashikwa, neva hutoa kidogo noradrenalini, ile kemikali inayobeba amri hiyo, mishipa inalegea, presha inashuka. Dawa ikitumika kwa wiki na miezi, mwili huizoea breki hiyo na vipokezi hupungua wepesi wa kuitikia. Breki ikiachiwa ghafla, noradrenalini humwagika kwa wingi kuliko kawaida, na mwili huchukua siku kadhaa kujirekebisha.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58 anayeishi Ujiji. Presha yake ilikuwa 180/105 kabla ya matibabu. Sasa, kwa dawa nne, iko 140/85. Anatumia amlodipini, hidroklorothiazaidi, atenololi miligramu 50 kila asubuhi, na klonidini miligramu 0.2 asubuhi na 0.2 jioni. Ijumaa saa 2 usiku anameza klonidini yake, kisha inakuja habari ya msiba Kaliua. Anapanda treni. Zile dawa tatu zimo kwenye mkoba wa mkononi. Klonidini, ambayo ni kidonge kidogo kuliko vyote, imebaki juu ya kabati. Anajiambia kwamba kakosa kimoja tu kati ya vinne, na kenyewe kadogo.

Jumamosi asubuhi, saa 12 baada ya dozi ya mwisho, karibu nusu ya dawa bado imo mwilini. Hasikii kitu. Usiku imebaki kama robo. Analala vibaya na kuona ni uchovu wa safari na huzuni ya msiba. Jumapili saa 10 alfajiri, saa 32 tangu dozi ya mwisho, anaamka kanga imelowa jasho, kichwa kinagonga kisogoni, vidole vinatetemeka, tumbo linamsokota. Kwa kawaida dalili huanza kati ya saa 18 na 36 baada ya dozi ya mwisho, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo huyu yumo ndani kabisa ya kipindi hicho.

Jasho, kichwa na kichefuchefu huku kwetu husomwa haraka kuwa malaria. Kupima malaria ni sawa, lakini presha lazima ipimwe palepale. Ya huyu mama inasoma 225/125. Mapigo ya moyo ni 64, na hapo ndipo wengi hupotoka, maana mtu aliyejaa noradrenalini anatarajiwa moyo wake uende mbio. Mapigo yametulia kwa sababu atenololi imeushika moyo. Mishipa haikushikwa na chochote cha namna hiyo.

Hapo tukae kidogo, maana ndicho kiini cha hatari. Noradrenalini na mwenzake adrenalini hugusa vipokezi vya alfa, ambavyo hubana mishipa, na vya beta, ambavyo huharakisha moyo na pia husaidia mishipa fulani kufunguka. Dawa kama atenololi na propranololi huziba beta na kuacha alfa wazi. Kwa hiyo mama huyu, kwa kuendelea na atenololi bila klonidini, ameubania mwili njia ya kulegeza mishipa na kuiacha wazi ile ya kuibana. Ndiyo maana mhudumu akimwongezea propranololi ili kutuliza mtetemo na wasiwasi, presha inaweza kupanda zaidi.

Tiba ya msingi ni kumrudishia klonidini. Akipewa kidonge cha 0.2 alichokikosa, presha huanza kushuka ndani ya nusu saa hadi saa moja, na dawa hufikia nguvu yake saa 2 hadi 4 baadaye. Hapewi dozi zote alizoruka kwa mkupuo, kwa sababu presha na mapigo vinaweza kushuka kupita kiasi. Kama klonidini haipo, au kuna maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, degedege, macho kuona ukungu au upande mmoja kukosa nguvu, huyo ni wa hospitali kubwa, kwa hapo Tabora, apewe dawa za mshipani huku presha ikipimwa kila mara. Kutoboa kidonge cha nifedipini na kukitia chini ya ulimi ni kosa la kuepuka: presha huporomoka bila mtu kuweza kuidhibiti, na ubongo unaweza kukosa damu.

Aliyekaa wiki nzima bila dawa na presha haikupanda asijirudishie dozi kamili mwenyewe. Mwili umeshaisahau dawa. Akimeza kama zamani anaweza kusimama na kuanguka.

Anayetaka kuiacha huishusha hatua kwa hatua chini ya daktari. Kwa dozi ya huyu mama, ambayo jumla yake ni 0.4 kwa siku, mpango wa kawaida ni kupunguza 0.1 kila baada ya siku mbili au tatu, presha ikipimwa kabla ya kila hatua. Lakini atenololi hutangulia kuondolewa: nayo hupunguzwa taratibu na kumalizika siku kadhaa kabla klonidini haijaguswa, hasa kwa mwenye maradhi ya moyo. Kinyume cha mpangilio huo ni kumtengenezea mgonjwa Jumapili ile ya Kaliua kwa mkono wa daktari.

Hatari huongezeka kadiri dozi ilivyo kubwa na muda wa matumizi ulivyo mrefu. Mahali pengine inapojificha ni kwenye upasuaji: mgonjwa anaambiwa asile wala asinywe, anaacha na klonidini. Daktari wa usingizi aambiwe mapema, kwa sababu dozi ya asubuhi kwa kawaida humezwa kwa funda dogo la maji. Na anayetapika mfululizo ni kama aliyeacha dawa, hata kama anaimeza kila siku. Mwezi wa Ramadhani, aliyeandikiwa mara tatu kwa siku apangiwe upya na daktari kabla ya mfungo, asiiruke ya mchana kwa uamuzi wake.

Methildopa, ambayo wajawazito wengi hupewa, ni ya ukoo huohuo wa dawa zinazofanya kazi ubongoni, lakini kishindo chake ni cha nadra na hafifu zaidi. Guanfasini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo hujitoa yenyewe polepole, na dalili zikija huchelewa siku 2 hadi 4. Tizanidini ndiyo husahaulika kabisa: hutolewa kwa kukaza kwa misuli, hakuna anayeiita dawa ya presha, kumbe nayo hushika vipokezi vya alfa-2, na aliyeitumia kwa dozi kubwa kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kupata presha ya juu, moyo kwenda mbio na misuli kukaza upya.