Dakika ishirini za mtu usiyemjua

Mwezi wa kumi mwaka juzi simu yangu iliingia ujumbe wa WhatsApp kutoka namba nisiyoijua. "Shikamoo." Basi. Hakuna jina wala haja. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya kuonjea kahawa, kijiko mkononi, sampuli sita zimepangwa vikombe vitano vitano. Maji ya moto yakishamiminwa, saa inaanza kuhesabu: dakika nne zikifika unavunja utando uliojaa juu, unanusa, halafu unasubiri kahawa ipoe ndipo uanze kuonja. Sikujibu. Jioni nikakuta "Mama?" Kesho yake: "Samahani kwa usumbufu, nilikuwa nahitaji msaada wako kuhusu mambo ya kahawa." Nikajisemea, huyu anataka kazi, au anauza mbolea. Nikaendelea na shughuli zangu.

Mimi nasimamia ubora kwenye kampuni ya kusafirisha kahawa nje, hapa Moshi, na ujumbe wa namna hii ninaupata karibu kila wiki. Watu wa benki, walimu, vijana waliomaliza chuo, wote wanataka kujua shughuli hii ikoje kwa ndani kabla hawajajitosa. Ni haki yao, na wengi wetu huku tunapenda kuelezea. Lakini ujumbe mwingi unakufa kabla haujajibiwa, na unakufa kwa sababu zile zile.

Mwezi wa tatu uliofuata, namba ile ile ilirudi. Safari hii ni kama kaandika mtu mwingine. Nimepata ruhusa yake kuuweka hapa, nimeondoa majina tu:

"Shikamoo mama. Naitwa ___, ni fundi sanifu wa maabara ya hospitali, Morogoro, huu ni mwaka wa saba. Namba yako nimepewa na katibu wa AMCOS ya kijijini kwetu, Uru, akasema nikutajie jina lake. Nafikiria kuhamia kwenye upimaji wa ubora wa kahawa ila sijawahi kukanyaga chumba cha kuonjea. Nimesoma jinsi kikombe kinavyopewa alama kati ya 100. Jambo moja sikulipata kwenye maandishi: kwenye maabara yetu sampuli hufika mezani na namba tu, mpimaji hajui ni ya nani. Kwenu mwonjaji anajua kahawa imetoka kwa nani kabla hajaipa alama? Naomba dakika 20 za simu, nitapiga mimi, Jumanne au Alhamisi ijayo baada ya saa kumi jioni. Siombi kazi na sitatuma wasifu. Kama nafasi haipo, nitaelewa."

Nilimjibu ndani ya saa moja.

Tuanze na shikamoo, maana hapo ndipo vijana wengi wanapokwama. Ukikutana na mtu mzima barabarani, unamwamkia, unasubiri marahaba, ndipo unasema lako. Huo ndio ustaarabu na sisemi uachwe. Tatizo ni kwamba kwenye simu ile nafasi ya kusubiri inageuka kuwa deni. Mpokeaji haoni uso wako, anaona mtu asiyemjua anamtaka aitike kwanza ndipo ajue anaitikia nini. Kwa hiyo amkia, kisha endelea hapo hapo, kwenye ujumbe ule ule, hadi mwisho wa haja yako. Na umchagulie mtu jina la heshima linalomfaa. "Mama" kwangu ni sawa, nina watoto wa umri wake. Ukiandika "Mheshimiwa" naanza kutafuta unaniuzia nini. "Boss" sijui ni kwa nini watu wanalipenda.

Kinachofuata ni namba. Mtu akipata ujumbe kutoka kwa asiyemjua, swali lake la kwanza ni hili: namba yangu kaitoa wapi? Kijana huyu alinijibu kabla sijauliza, na alimtaja mtu ninayefanya naye kazi, tena aliyeruhusu kutajwa. Kama hakuna aliyekupa, sema ukweli wa ulivyoipata: kwenye tovuti ya kampuni, au kwenye kadi aliyogawa kwenye maonyesho. Usibuni undugu. Hii nchi ni ndogo kuliko unavyodhani, nitapiga simu moja nijue.

Ila kilichonifanya nijibu haraka ni lile swali lake, kama mwonjaji anajua kahawa ni ya nani. Wengi huandika "naomba unieleze kuhusu kahawa" au "naingiaje kwenye kahawa". Swali la aina hiyo halina mlango. Nianzie kwenye kitalu, kwenye kukoboa, mnadani, au kwenye kontena? Nikifikiria tu kulijibu nachoka, na nikichoka naliahirisha, na nikiliahirisha ndiyo mwisho wake. Swali la huyu lilitoka kwenye kazi anayoijua na likagusa kazi ninayoijua mimi, pale pale zinapokutana. Lilinionyesha pia kwamba ameshasoma kile kinachosomeka, kwa hiyo dakika zangu hazitakwenda kwenye mambo ambayo angeyapata mwenyewe.

Namna ya kulipata swali la aina hii ni ya kawaida sana. Soma kuhusu shughuli hiyo kwa siku mbili tatu, ukiwa unaandika kila unapokutana na kitu ambacho kwenye kazi yako ya sasa kingefanywa kwa njia nyingine. Mhasibu atashangaa kwa nini kahawa inalipwa kwa awamu. Dereva wa malori atashangaa kontena linakaguliwaje kabla ya kupakiwa. Chagua mshangao mmoja, huo ndio swali lako. Mengine yaweke kwa ajili ya simu.

Nasema mmoja kwa sababu nimewahi kuumia. Zamani kidogo niliamua nijifunze bima ya mizigo ya baharini, maana kahawa ikisafiri kutoka joto kwenda baridi, unyevu unageuka matone kwenye dari la kontena na kudondokea magunia. Sisi tunasema kontena limetoa jasho. Nilimwandikia mtu mkubwa wa bima barua pepe ya ukurasa mmoja na nusu, maswali saba yenye namba. Alinijibu kwa adabu zote: "Karibu ofisini siku moja." Mswahili akikwambia siku moja, ujue hiyo siku haipo kwenye kalenda. Leo ningemuuliza hivi tu: jasho la kontena mnalihesabu kama ajali ya safari, au kama kosa la aliyepakia?

Kuhusu muda, dakika 20 ni kipimo kizuri. Kumi zinaonekana kama utani, saa nzima inaogopesha. Lakini muhimu kuliko idadi ni kwamba mpokeaji aone mwisho wa jambo kabla hajakubali. Siku mbili za kuchagua zinanirahisishia: najibu "Alhamisi" na kazi imekwisha. "Wakati wowote utakaopata nafasi" inaonekana ni upole, kumbe unanipa kazi ya kukupangia ratiba. Na kusema utapiga wewe ni jambo dogo lenye uzito. Vocha ni ya mwenye shida.

Halafu kuna msimu. Ujumbe wake wa kwanza, hata ungeandikwa vizuri, ulikuja Oktoba. Kaskazini huku mavuno yanaanza kama mwezi wa saba hadi kuelekea mwisho wa mwaka, na miezi ya katikati hapo meza ya kuonjea haikauki. Machi napumua. Kila shughuli ina miezi yake ya namna hiyo: wahasibu wana mwisho wa mwaka wa hesabu, watu wa hoteli wana miezi ya wageni. Ukiujua msimu wa unayemwandikia, umeshamwonyesha kwamba unaijua kazi yake kidogo.

"Siombi kazi" ni sentensi ya hatari, kwa sababu ukiiandika lazima uiishi. Nimewahi kupigiwa na dada mmoja aliyeiandika, na dakika ya kumi na mbili akaniuliza kama kuna nafasi kwetu. Sikukasirika, ila baada ya hapo kila nilichomwambia nilikipima kwanza. Kama unatafuta kazi, omba kazi waziwazi, kuna njia yake. Maongezi ya kuulizia faida yake ni kwamba mtu anakwambia hata ubaya wa kazi yake, na ubaya huo hautausikia kwenye usaili.

Alhamisi saa kumi na dakika tano alipiga. Nilimwambia ndiyo, tunaonja kwa namba, jina la shamba linafunuliwa baadaye. Nikamweleza pia kwa nini ni vikombe vitano kwa kila sampuli: punje moja iliyochachuka kupita kiasi inaharibu kikombe kimoja tu, na kama ungemimina kimoja ungeweza kuikosa, au ukaikuta hiyo tu na kuihukumu kahawa yote. Akacheka, akasema hospitalini wangeita hiyo kurudia kipimo. Akauliza kama aanze na cheti cha waonjaji au aombe kwanza kukaa msimu mmoja mezani. Nikamwambia msimu kwanza. Kwenye mtihani unawekewa vikombe vitatu, viwili sawa, kimoja tofauti, unatakiwa ukipate hicho kimoja. Ulimi haujifunzi hilo kwa kusoma. Nikamwambia na upande mbaya: mishahara ya mwanzo iko chini ya anachopata hospitalini, na nje ya msimu kampuni nyingi hupunguza watu.

Kuna swali moja sikumjibu. Aliuliza sampuli niliyoisifu ilinunuliwa kwa bei gani na nani kaichukua. Bei na wanunuzi ni siri ya ofisi. Akaomba radhi, tukaendelea. Ukienda kwenye shughuli usiyoijua hutajua mipaka hiyo iko wapi, na kukosea mara moja si dhambi. Kung'ang'ania ndiko kunafunga mlango.

Kisha akasema, "Mama, dakika zangu ishirini zimeisha." Alikuwa ameangalia saa. Ni mimi niliyesema tuendelee. Kabla ya kukata akauliza nani mwingine azungumze naye, mtu anayeiona kahawa tofauti na mimi. Alifanya vizuri, maana mimi ni wa upande wa kusafirisha, na mkulima wa AMCOS angempa hadithi nyingine kuhusu alama hizo hizo. Nilimtafutia mtu Mbozi. Namba sikuitoa palepale. Nilimuuliza kwanza mwenyewe, akakubali, ndipo nikaituma.

Usipojibiwa, kumbusha mara moja, baada ya wiki moja na nusu hivi, kwa mistari miwili na swali lile lile. Kimya cha pili kiache. Usitume ujumbe wa sauti wa dakika nne, usipige bila kuandika kwanza, na kama umewaandikia watu watano, soma kila ujumbe kabla ya kuutuma. Mwaka huu nimesifiwa kwa uzoefu wangu mkubwa katika sekta ya chai.

Yule kijana aliniandikia tena siku iliyofuata. Alinishukuru, akasema amenunua vikombe vitatu vya bati vinavyofanana, na mke wake atakuwa anamtegea kahawa mbili za dukani kila asubuhi. Siku hiyo ya kwanza alikuwa amekosea mara nne kati ya tano.